Jibu lisiloandikwa kwenye habari: kipindi kimoja cha ufahamu, darasa la tano

*Nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya kijijini si mbali na Ujiji. Wanafunzi ni 70, vitabu vichache. Swali ambalo jibu lake limeandikwa kwenye habari wanalipata. Nikiuliza "Unadhani kwa nini…", nusu wananakili sentensi nzima kutoka kwenye habari, nusu wanabuni chochote. Nipangeje kipindi cha dakika 40 ili wajifunze kung'amua jambo ambalo habari haikulitaja?*

Habari za kazi, mwalimu. Kabla ya kugawa dakika, tuanze na hilo neno "unadhani". Mtoto akilisikia anajua ameombwa maoni, na maoni hayana kukosea, kwa hiyo anabuni. Anayenakili naye ana sababu yake. Tangu alipojua kusoma amekuwa akipata vema kwa njia moja tu: anatafuta neno la swali ndani ya habari, anaishika sentensi iliyo na neno hilo, anaihamishia kwenye daftari. Njia hiyo haijawahi kumwangusha mpaka leo.

Kung'amua kunahitaji vitu viwili vikutane: kile ambacho habari imesema, na kile ambacho mtoto anakijua kutoka nyumbani na mtaani. Anayenakili ameshika cha kwanza akaacha cha pili. Anayebuni ameshika cha pili akaacha cha kwanza. Kwa hiyo darasa lako halina matatizo mawili, lina moja lenye sura mbili, na kipindi kimoja kinaweza kuyagusa yote.

Kikwazo cha kwanza ni kifungu chenyewe. Habari nyingi za vitabuni zinaeleza kila kitu: Juma alikuwa na huzuni kwa sababu alifeli mtihani. Hapo hakuna cha kung'amua. Andika kifungu chako mwenyewe, maneno 100 hivi, juu ya jambo ambalo watoto wa Ujiji wanalijua kwa macho yao. Nimekuandalia hiki:

> Alfajiri, jua halijachomoza, mama Asha alishuka mwaloni na mabeseni mawili kununua dagaa wa kuanika. Ilikuwa wiki yake ya pili tangu ahamie kutoka Urambo. Ziwa lilikuwa limetulia. Mitumbwi yote ilikuwa mchangani, mikavu, na taa zake zimefunikwa kwa turubai. Wavuvi watatu walikaa wakishona wavu bila taa yoyote.
>
> "Dagaa wako wapi leo?" mama Asha aliuliza.
>
> Mvuvi mmoja alinyoosha kidole juu ya ziwa, akacheka. "Mama, rudi wiki ijayo."
>
> Mama Asha alitazama kule alikoonyeshwa, naye akacheka. Alipachika beseni moja ndani ya jingine, akajitwisha, akaanza kupanda kilima kurudi nyumbani. Hakuwasha tochi. Kivuli chake kilimtangulia njia nzima. Alipofika alimwambia Asha, "Mwanangu, leo tutapika maharage."

Swali kuu la kipindi ni moja: kwa nini usiku huo wavuvi hawakwenda ziwani? Jibu ni kwamba kulikuwa na mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, maana hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa haiwavuti kama kawaida, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwenye kifungu hakuna neno "mwezi" wala "mbalamwezi", na hilo ni la makusudi. Ukiliacha neno hilo liponyoke hata mara moja, watoto watalikamata na kulinakili, na kipindi kimekwisha.

Hata hivyo kuficha jibu hakutoshi. Jibu linapaswa kushikwa na dalili zaidi ya moja, ili anayeikosa hii aipate ile. Hapa zipo tano: kivuli kinaonekana ingawa jua halijachomoza, tochi haikuwashwa, wavu unashonwa bila taa, mvuvi ananyoosha kidole angani, na mama anaambiwa arudi wiki ijayo. Na dalili hizo ziwe za kweli. Kigoma ziwa liko magharibi na vilima viko mashariki. Mwezi mpevu wakati wa alfajiri unakuwa upande wa magharibi, juu ya ziwa, kwa hiyo mtu anayepanda kilima anaupa mgongo na kivuli kinatangulia mbele yake. Ukisema tukio hilo lilitokea jioni mara baada ya giza kuingia, mwezi huohuo utakuwa unachomoza upande wa vilima na kivuli kitamfuata nyuma. Mtoto wa mvuvi analijua hilo kuliko mimi na wewe, na akigundua umekosea atakuwa na haki ya kutoamini dalili nyingine zote.

Siku moja kabla ya kipindi, pima kama kifungu kinalifaa darasa lako. Chukua watoto sita, wawili wazuri, wawili wa kati, wawili wa chini. Waulize maswali matatu kwa mdomo. La kwanza jibu lake limeandikwa: mitumbwi ilikuwa wapi? La pili halihusu kifungu kabisa: mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wa dagaa hufanya nini? La tatu ndilo swali kuu. Akishindwa la kwanza, tatizo ni kusoma au ni lugha, na kipindi hiki hakitamsaidia bado. Kwa watoto ambao nyumbani wanazungumza Kiha, mwache asimulie tukio kwa Kiha kwanza. Akilisimulia sawasawa ujue ameelewa, na kilichomkwamisha ni neno kama "turubai" au "kutangulia", ambalo utalieleza mwanzoni mwa kipindi. Akishindwa la pili, kifungu si chake. Hana ujuzi wa kuunganisha na dalili. Akiyapata la kwanza na la pili akashindwa la tatu, huyo ndiye unayemtafuta. Vipande vyote viwili anavyo, hajui tu kwamba anatakiwa kuviunganisha.

Kwa sababu hiyohiyo, mwalimu wa Sikonge au Kaliua asikichukue kifungu hiki kama kilivyo. Watoto wake hawajui habari za dagaa na mwezi, na watashindwa kwa kosa lisilo lao. Kule aandike juu ya mtu anayetoka porini usiku, nguo zinanuka moshi, jicho moja limevimba, ndoo yake imefunikwa kwa majani na nyuki wawili wanamzunguka. Mtoto wa Tabora atajua mara moja kwamba mtu huyo ametoka kurina asali.

Sasa kipindi. Kifungu kiandike ubaoni au kwenye karatasi ya manila kabla watoto hawajaingia, kwa herufi ambazo wa dawati la mwisho anazisoma. Ukianza kukiandika wakiwa wamekaa, dakika kumi zimekwenda.

Dakika tano za kwanza usiulize chochote. Waonyeshe wewe mwenyewe jinsi akili inavyofanya kazi, kwa sauti. Andika sentensi moja pembeni: *Neema aliingia darasani, sare imemganda mwilini, daftari amelificha chini ya blauzi.* Kisha fikiri mbele yao: "Habari inasema sare imemganda. Mimi najua nguo huganda mwilini ikilowa. Inaweza kuwa jasho, inaweza kuwa mvua. Lakini daftari amelificha. Mtu halifichi daftari kwa sababu ya jasho. Kwa hiyo njiani kulikuwa na mvua." Ile sehemu ya jasho usiiruke. Walimu wengi huonyesha jibu sahihi tu, na watoto wanaondoka wakidhani mwalimu alilijua tangu mwanzo. Wanapaswa kukusikia ukishika wazo, ukilipima, ukiliacha.

Kisha kifungu. Kisome wewe mara moja kwa sauti, wao wakisome kimya mara moja, eleza maneno mawili au matatu yaliyokwamisha wale sita, uliza maswali mawili yenye majibu yaliyoandikwa ili ujue wote wako ndani ya habari. Hii isizidi dakika nane.

Chora jedwali la safu tatu ubaoni: *Habari inasema*, *Mimi najua*, *Kwa hiyo*. Andika swali kuu juu yake, lakini ligeuze. Badala ya "Unadhani kwa nini wavuvi hawakwenda?", andika: "Habari inatuonyesha kwamba wavuvi hawakwenda kwa sababu gani? Ni maneno gani yamekuonyesha?" Kila dawati watafute dalili mbili, wanong'one, wasiandike. Wape dakika nne, kisha uchague madawati, usingoje mikono, maana mikono ni ya walewale kila siku. Wakikupa dalili, iandike kwenye safu ya kwanza kwa maneno ya kifungu, halafu umwulize aliyeisema: "Wewe unajua nini kuhusu jambo hili?" Akisema, "Kivuli kinatokea kukiwa na mwanga," kiandike kwenye safu ya pili. Safu ya tatu iache tupu kwa muda. Ukiijaza mapema, watakaofuata watalinakili jibu la mwenzao, yaani tumerudi kwenye ugonjwa uleule. Kazi hii yote itachukua dakika kumi na mbili.

Dakika kumi zinazofuata ndizo kipindi chenyewe, na ningekata pengine popote kabla ya kuzigusa. Omba majibu. Usiseme "vema" wala "hapana". Andika kila jibu tofauti upande wa kulia wa ubao, hata yale ya ajabu. Kwa darasa la karibu na Ujiji, yatakayokuja nayatarajia kuwa haya: upepo ulikuwa mkali, nyavu zilichanika, serikali imefunga ziwa, kulikuwa na mbalamwezi. Halafu waambie kazi iliyobaki ni kufuta. Jibu linafutwa kwa sababu moja tu: kuna mstari kwenye kifungu unaolikataa, au linaacha dalili nyingi bila maelezo.

Upepo utakufa haraka. Mtoto atakuonyesha "Ziwa lilikuwa limetulia", nawe unaufuta mbele yao.

Nyavu ni ngumu kidogo, na ndiyo maana niliwaweka wale wavuvi watatu wakishona. Jibu hilo lina dalili ya kweli, kwa hiyo usilidharau. Uliza: "Wavu wa watu watatu ukichanika, mitumbwi mingapi inabaki mchangani?" Watasema mmoja. "Habari inasema mingapi?" Yote. Hapo watoto wanajifunza jambo ambalo maelezo ya mwalimu hayawezi kuwapa, kwamba dalili moja inaweza kuwa ya kweli na bado ikakupeleka njia isiyo sahihi, na kwamba jibu linalobeba dalili nyingi linalishinda linalobeba moja.

La serikali ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na hakuna nyumba ya mwaloni isiyokumbuka. Mtoto anayelitoa jibu hili ametumia ujuzi wake sawasawa. Mitumbwi yote iko mchangani, taa zimefunikwa, ziwa limetulia. Vyote vinakubaliana naye. Mpe nafasi alitetee. Kisha mwulize kuhusu "rudi wiki ijayo". Kufungwa kule kulikuwa kwa miezi, si wiki. Na kama ni amri ya serikali, mvuvi ananyoosha kidole juu ya ziwa kuonyesha nini? Kivuli cha alfajiri kinatoka wapi? Akilifuta mwenyewe jibu lake, amejifunza kung'amua kuliko aliyepata mbalamwezi kwa mara ya kwanza bila kusumbuka.

Mbalamwezi ikibaki peke yake, usishangilie upesi. Chukua kipande cha karatasi, ufunike sentensi ya kivuli. "Jibu bado limesimama?" Limesimama, kwa tochi na kidole. Funika tochi, kidole, "wiki ijayo" na ule wavu ulioshonwa bila taa. "Sasa?" Sasa halisimami, mitumbwi mikavu na turubai peke yake vinaweza kusema hata ziwa limefungwa. Mchezo huu wa kufunika unawatenganisha walioliona jibu ndani ya habari na waliolitoa kichwani. Baada ya hapo ndipo ujaze safu ya tatu, na umwachie mtoto mmoja aiseme sentensi nzima: "Habari inasema kivuli kilimtangulia kabla ya jua kuchomoza, nami najua usiku kivuli hutokea kukiwa na mwezi, kwa hiyo kulikuwa na mbalamwezi."

Dakika tano za mwisho, kila mmoja peke yake, robo karatasi. Usiulize tena kuhusu mama Asha, kwa sababu jibu limeshasemwa na watu wengi. Wasomee na uwaandikie kifungu kipya kifupi:

> Babu alikaa stesheni, tiketi mkononi. Begi lake alikuwa amelifanya mto. Aliitazama reli, akaitazama saa, akamwagiza muuza chai kikombe cha tatu.

Swali: nini kimetokea, na maneno gani mawili yamekuonyesha? Treni imechelewa. Kifungu hiki kinafaa Kigoma na Tabora pia, maana Reli ya Kati inapita kote, na mtoto asiyewahi kupanda treni ana ndugu aliyewahi kuisubiri.

Karatasi 70 zisikutishe. Usizisahihishe kwa alama, zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza wana jibu na dalili inayolishika. La pili wana jibu bila dalili, au dalili isiyohusika, mfano "treni imechelewa kwa sababu ana tiketi". La tatu wameandika sentensi ya kifungu tu: "Babu alikaa stesheni." Mtu mwenye kasi ya kawaida anamaliza kugawa ndani ya nusu saa, na kesho yake anajua la kufanya. Fungu la pili likiwa kubwa, rudia kufunika na kufuta kwa kifungu kipya. La tatu likiwa kubwa, rudi kwenye zile dakika tano za kufikiri kwa sauti, na safari hii chagua sentensi mbili zenye dalili nzito zaidi, zisizohitaji kuchaguliwa kati ya majibu mengi.

Kwenye andalio la somo usiandike "mwanafunzi aweze kuelewa habari", kwa sababu huwezi kukipima. Andika kwamba ataeleza jambo moja lisilotajwa kwenye kifungu na kutaja dalili mbili zinazolithibitisha. Ukaguzi ukija, zile robo karatasi ndizo ushahidi wako.

Yako mawili yanayoharibu kipindi hiki hata kikipangwa vizuri. La kwanza ni mwalimu kuonyesha jibu kwa uso. Watoto 70 wanakusoma wewe kuliko wanavyosoma ubao. Jibu sahihi likitajwa ukitabasamu au ukaliandika kwa chaki ya rangi, mjadala umekufa. Andika yote kwa mwandiko mmoja na sauti moja. Ukishindwa kujizuia, geukia ubao wakati wanajibu.

La pili linakuja baadaye, wiki ya tatu au ya nne. Ile sentensi ya "habari inasema… nami najua… kwa hiyo…" inawasaidia mwanzoni, kisha inageuka wimbo. Watajaza nafasi zote tatu bila kufikiri: "Habari inasema babu ana begi, nami najua begi ni la safari, kwa hiyo treni imechelewa." Sarufi ni safi, mantiki hakuna. Ukianza kuona hivyo, waondolee kiunzi hicho. Wape jibu lenyewe tayari, "treni imechelewa", na uwaambie watafute mstari mmoja kwenye kifungu ambao *hausaidii* jibu hilo. Anayekuonyesha begi hapo ameanza kuzipima dalili zake.